Rubriki ya swali la insha ya fasihi: mwongozo kamili wa kuandika ngazi zinazoeleweka

Rubriki nyingi za fasihi zinazotengenezwa shuleni zina jedwali zuri na mistari iliyonyooka, lakini ndani yake kuna maneno manne tu: "vizuri sana", "vizuri", "wastani", "hafifu". Mwalimu wa Ilemela akiisoma anatoa alama 12, mwenzake wa Sengerema anatoa 7 kwa karatasi ileile, na wote wawili wako sahihi kwa sababu jedwali halikuwaambia waangalie nini. Siku ya kusahihisha moko ya pamoja ndipo ugomvi huo unapofika mezani.

Mwongozo huu unashughulikia swali moja la alama 15 kuhusu shairi, kuanzia swali lenyewe hadi jedwali lililojaribiwa. Uzito mkubwa umewekwa kwenye maelezo ya kila ngazi, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Swali lenyewe kama litakavyochapwa, pamoja na shairi au kifungu chake.
- Skripti 12 za wanafunzi waliojibu swali hilo au linalofanana nalo. Ficha majina, zipe namba 1 hadi 12. Kama swali ni jipya, wape wanafunzi wa mkondo mmoja walijibu kama zoezi.
- Nakala za skripti 6 kati ya hizo, zisizo na alama wala wino mwekundu. Zitatumika kwenye jaribio.
- Mwalimu mwingine wa Kiswahili, ikiwezekana wa shule nyingine.
- Karatasi ya A4 iliyolazwa. Rubriki isiyoenea upande mmoja wa karatasi hiyo haitasomwa na mtu mwenye skripti 200 mbele yake.

Tenga kama saa mbili za kuandika na saa moja ya kujaribu. Usifanye vyote jioni moja.

## Swali la mfano

Shairi hili limetungwa kwa ajili ya zoezi hili tu:

*Usiku tunajituma, karabai mkononi,*
*Mtumbwi twausukuma, mawimbi yako usoni,*
*Nyavu zetu zikizama, dagaa hujaa ndani,*
*Mikono yetu yavuta, samaki ni wa tajiri.*

*Asubuhi ikifika, tajiri yuko mwaloni,*
*Mizani anaishika, bei imo mdomoni,*
*Deni analiandika, la mafuta na sabuni,*
*Mikono yetu yavuta, samaki ni wa tajiri.*

*Mtoto adai ada, sina kitu mfukoni,*
*Mke wangu yu na shida, mboga haipo jikoni,*
*Hatuioni faida, jasho labaki majini,*
*Mikono yetu yavuta, samaki ni wa tajiri.*

Swali: Jadili jinsi mshairi alivyotumia lugha kuonesha unyonyaji wa wavuvi. (Alama 15)

## Hatua ya 1: Vunja swali kabla ya kugusa jedwali

Piga mstari chini ya maneno yanayomwamuru mwanafunzi kutenda. Hapa ni "jadili jinsi" na "alivyotumia lugha". Swali haliulizi kama wavuvi wananyonywa; hilo limeshakubaliwa. Linauliza shairi limefanya nini ili tulione. Kwa hiyo mwanafunzi anayesimulia habari ya wavuvi, hata kwa kurasa tatu, hajafika kwenye swali.

Kisha andika mambo ambayo shairi linaruhusu kusemwa. Usiandike majibu yote yanayowezekana. Matano yanatosha kukuonesha kina cha shairi:

Kibwagizo kinaweka mikono upande mmoja na samaki upande mwingine, na kinafunga kila ubeti, yaani kila jambo linaishia kwa tajiri. Bei imo mdomoni lakini deni linaandikwa. Mtu aliyeshika mizani ndiye huyohuyo anayetaja bei. Mboga haipo jikoni kwa mtu aliyeshinda usiku kucha akivua, na hicho ni kinaya. Halafu kuna badiliko ambalo wengi hawalioni: kazi inafanywa kwa wingi ("tunajituma"), lakini ufukara unabebwa kwa umoja ("sina kitu mfukoni").

Onyo. Orodha hii si skimu. Ukiibandika kwenye rubriki, msahihishaji ataanza kuitafuta kwenye skripti na kumnyima alama mwanafunzi aliyeona jambo la sita.

Hatua imefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja kinachotofautisha jibu la swali hili na usimulizi. Kwa swali letu: jibu linaeleza maneno ya shairi yanafanya kazi gani, usimulizi unaeleza wavuvi wanafanya nini.

## Hatua ya 2: Chagua vigezo, visizidi vitatu

Kwa insha ya alama 15, vigezo vitatu vinatosha:

- A. Hoja (alama 6): anajibu swali gani, na hoja zake zinahusianaje.
- B. Ushahidi na ufafanuzi (alama 6): anatumiaje maneno ya shairi.
- C. Mpangilio na lugha (alama 3).

Vikifika vitano au sita, kosa moja linaanza kuadhibiwa mara mbili. Mfano unaoonekana sana Kanda ya Ziwa ni mwanafunzi aliyekulia kwenye Kisukuma, anayeandika "tajili" badala ya "tajiri" kwa sababu ya l na r. Akikatwa kwenye "lugha", akakatwa tena kwenye "usahihi" na tena kwenye "uwasilishaji", amepoteza alama tatu kwa herufi moja. Tahajia iwe na nyumba moja tu, kigezo C, na kosa lilelile likijirudia lihesabiwe mara moja.

Ili kujua kama vigezo vyako vimeingiliana, chukua kosa moja uulize: litapunguza alama wapi? Ukitaja sehemu mbili, unganisha vigezo hivyo au uandike wazi ni kipi kinabeba kosa hilo.

Kuna pia mazoea ya kuhesabu: utangulizi 1.5, hoja sita kwa alama 2 kila moja, hitimisho 1.5. Ni haraka, na ndiyo maana yanapendwa. Tatizo lake ni kwamba hoja iliyotajwa na hoja iliyochambuliwa zinapata 2 zilezile, na wanafunzi wanajifunza upesi kwamba kutaja sita ni faida kuliko kuchambua mbili. Kama swali lenyewe linataja idadi ("toa hoja tatu"), idadi hiyo iingie kwenye kigezo A peke yake.

## Hatua ya 3: Panga skripti mafungu matatu, bila alama

Soma skripti zote 12 haraka, kwa kigezo kimoja tu. Anza na B. Weka mafungu matatu mezani: zinazotumia shairi kwa nguvu, zinazolitumia kiasi, na zinazoligusa tu. Usiandike alama popote. Ukishaandika 9, akili itatafuta sababu za kuitetea.

Kisha chukua skripti ya chini kabisa ya fungu la kwanza na ya juu kabisa ya fungu la pili, uziweke pamoja. Jiulize: hii imefanya nini ambacho ile haikufanya? Jibu la swali hilo ndilo maelezo ya ngazi. Rudia kwa mpaka wa fungu la pili na la tatu.

Aya tatu zifuatazo zinafanana na zile utakazokutana nazo.

Aya ya kwanza: "Mshairi anasema wavuvi wanajituma usiku na mawimbi yako usoni. Asubuhi tajiri anakuja mwaloni, anapima samaki na kuandika deni la mafuta na sabuni. Kwa hiyo wavuvi wananyonywa sana."

Aya ya pili: "Mshairi ametumia takriri. Kwa mfano anasema 'Mikono yetu yavuta, samaki ni wa tajiri.' Takriri hii inasisitiza ujumbe wa unyonyaji na kumfanya msomaji aukumbuke."

Aya ya tatu: "Katika ubeti wa pili bei imo mdomoni lakini deni linaandikwa. Tajili anaweza kuibadilisha bei aliyoitamka, ila mvuvi hawezi kulikana deni lililoandikwa. Kwa hiyo maneno hayo mawili yanaonesha kwamba mwenye kalamu ndiye mwenye nguvu."

Aya ya kwanza imelisimulia shairi upya na kubandika neno "wananyonywa" mwishoni. Aya ya pili imenukuu sawasawa na kutaja mbinu kwa jina lake, lakini ufafanuzi wake ungeweza kubandikwa kwenye takriri yoyote ya shairi lolote duniani. Aya ya tatu haikutaja mbinu hata moja, ina "tajili" ndani yake, na bado ndiyo pekee iliyotuonesha neno likifanya kazi.

Walimu wengi huipa aya ya pili alama nyingi kuliko ya tatu kwa sababu ina istilahi. Amua mapema. Kwa swali linalouliza "jinsi", ufafanuzi unashinda istilahi, na msimamo huo uandikwe ndani ya rubriki ili usibadilike skripti ya themanini.

Hatua imefanikiwa ukiwa na sentensi mbili tu kwenye karatasi, moja kwa kila mpaka. Kwa kigezo B: *mpaka wa juu*, je, ufafanuzi unalihusu shairi hili tu au ungefaa popote? *Mpaka wa chini*, je, amefafanua chochote au amesimulia na kunukuu tu?

## Hatua ya 4: Andika maelezo ya ngazi

Kila maelezo yaundwe na vitu viwili: kitendo kinachoonekana kwenye karatasi, na sharti linalokitofautisha na ngazi ya jirani. Vivumishi peke yake havitoshi. "Ushahidi mzuri" hauna maana hadi useme uzuri wake unaonekanaje. Hata "anaelewa shairi" ni kosa, kwa sababu uelewa hauonekani. Kinachoonekana ni alichoandika.

Maneno ya kiasi kama "mara nyingi" na "mara chache" nayo yanaleta mabishano. Andika "angalau mara mbili".

| | A. Hoja | B. Ushahidi na ufafanuzi |
|---|---|---|
| 5–6 | Anaweka msimamo mmoja kuhusu jinsi lugha inavyoonesha unyonyaji, na kila hoja inauendeleza msimamo huo au inajengwa juu ya hoja iliyotangulia. | Angalau mara mbili anataja neno au mshororo mahususi na kueleza linafanya nini hapo. Ufafanuzi haungeweza kuhamishiwa shairi jingine. Si lazima ataje jina la mbinu. |
| 3–4 | Hoja mbili au zaidi zinajibu swali, lakini kila moja imesimama peke yake. Ukizibadilishia nafasi jibu halibadiliki. | Ananukuu sahihi na kutaja mbinu au kazi ya neno, lakini ufafanuzi ni wa jumla ("inasisitiza", "inavutia"). Au amefafanua kwa umahususi mara moja tu. |
| 1–2 | Anataja unyonyaji, lakini sehemu kubwa inasimulia yanayotokea au inazungumzia uvuvi kwa jumla. | Anasimulia mistari kwa maneno yake, au ananukuu bila kufafanua. |
| 0 | Hakuna hoja inayohusu unyonyaji katika shairi hili. | Hakuna ushahidi kutoka kwenye shairi. |

Kigezo C kina alama 3 tu, kwa hiyo kila alama ni ngazi. 3: kila aya ina wazo moja, utangulizi na hitimisho vipo, na makosa ya lugha hayamlazimishi msomaji kurudia sentensi. 2: sehemu zote zipo, lakini baadhi ya aya zinachanganya mawazo, au sentensi moja hadi tatu zinahitaji kusomwa mara mbili. 1: hakuna mgawanyo wa aya, au sentensi zaidi ya tatu zinahitaji kusomwa mara mbili. 0: ni orodha ya vidokezo, au hayasomeki.

Kinachoharibika hapa. Ngazi za chini huandikwa kwa kukanusha za juu: "haoneshi", "hatumii", "hana". Msahihishaji anabaki bila kujua mwanafunzi amefanya nini. Usimulizi ni kitendo; kitaje kwa jina lake. Kosa la pili ni kuingiza jambo jipya katikati ya ngazi. Ngazi ya 5–6 ikizungumzia nukuu na ya 3–4 ikazungumzia idadi ya beti, hutajua skripti yenye nukuu nzuri kutoka ubeti mmoja uiweke wapi. Safu moja ifuate jambo lilelile kutoka juu hadi chini.

Hatua imefanikiwa ukiweza kufunika safu ya alama kwa kipande cha karatasi, ukamsomea mwenzako maelezo bila mpangilio, naye akayapanga kutoka juu hadi chini bila kusita.

## Hatua ya 5: Weka kanuni ya 3 au 4

Kila ngazi ya A na B ina alama mbili, na bila kanuni kila mtu atachagua kwa hisia. Tumia hii: mpe alama ya chini ya ngazi akitimiza maelezo yake, na alama ya juu pale sehemu yoyote ya jibu inapogusa ngazi inayofuata. Kwa 5–6, toa 5 akitimiza "mara mbili" na 6 akienda zaidi ya hapo.

Tuzijaribu kwa insha mbili kamili. Mwandishi wa aya ya pili aliandika hoja sita za namna hiyohiyo, kila moja na mbinu yake na "inasisitiza" yake, katika aya safi. A: hoja zimesimama peke yake na hakuna inayogusa ngazi ya juu, 3. B: 3. C: 3. Jumla 9.

Mwandishi wa aya ya tatu ana hoja mbili tu: ile ya bei na deni, na ya pili kuhusu "tunajituma" kugeuka "sina", ambayo anaianza kwa "Ndiyo maana mvuvi anabaki peke yake na deni." Hakuweka msimamo mwanzoni, ila hoja ya pili imejengwa juu ya ya kwanza. A: 4. B: amefafanua kwa umahususi mara mbili, 5. C: aya ya mwisho imechanganya mawazo, 2. Jumla 11.

Kwa skimu ya kuhesabu, wa kwanza angepata 15 kati ya 15 na wa pili 7. Kama tofauti hiyo inakusumbua, rudi Hatua ya 1 usome swali tena.

## Hatua ya 6: Jaribu na mwalimu wa pili

Mpe mwenzako rubriki, shairi na zile nakala 6. Usimweleze chochote kwa mdomo; siku ya kusahihisha hutakuwapo mezani kwake. Kila mmoja asahihishe peke yake kwenye karatasi ya pembeni, akiandika alama za A, B na C mbalimbali. Jumla peke yake inaficha: 4+3+2 na 2+5+2 zote ni 9.

Kisha linganisheni ngazi. Kipimo kinachofaa kazi ya shule ni kwamba kwa kila kigezo muwe kwenye ngazi moja katika skripti 5 kati ya 6, na jumla zisipishane kwa zaidi ya alama 2. Mkipishana zaidi, msianze kubishana nani ana haki. Kila mmoja aweke kidole kwenye maneno ya rubriki aliyoyatumia. Mara nyingi itaonekana kila mmoja amesoma neno lilelile kwa maana yake. Badilisheni neno hilo, kisha jaribuni kwa skripti 3 ambazo mwenzako hajaziona.

Jambo moja litajitokeza karibu kila jaribio la mashairi yenye mazingira ya ziwa. Mwanafunzi wa Ukerewe au wa Igombe anaujua uvuvi wa dagaa kuliko mwalimu wake. Ataandika kuhusu usiku wa giza, bei ya karabai za sola na makato ya mwaloni, na yote ni kweli. Msahihishaji mmoja atavutiwa na kumpa 5, mwingine atasema yametoka nje ya shairi na kumpa 1. Ongeza mstari chini ya jedwali: *Maarifa ya maisha yanapata alama ya B pale tu yanapofafanua neno au mshororo uliotajwa.* "Dagaa huvuliwa kukiwa na giza" haipati kitu. Lakini "karabai mkononi inaonesha kwamba hata mwanga unaowavuta dagaa unashikwa na mvuvi, ila samaki si wake" inapata.

## Hatua ya 7: Jibu ambalo hukulitarajia

Katikati ya kusahihisha itatokea skripti inayokataa swali. Mwanafunzi anaandika kwamba tajiri si mnyonyaji: "la mafuta na sabuni" inaonesha kwamba anawakopesha wavuvi hata vitu vya nyumbani, na mkopeshaji ana haki ya kuandika deni.

Usiipe sifuri kwa hasira, wala usiipe 15 kwa sababu imekufurahisha. Ipitishe kwenye safu kama nyingine. Kwenye B amefafanua mshororo mahususi mara moja, kwa hiyo yuko 3–4. Kwenye A, swali limesema "jadili", na kupinga kwa ushahidi ni kujadili. Lakini lazima akabiliane na kibwagizo, ambacho kinasema wazi samaki ni wa nani. Akikikwepa, hawezi kuvuka 4.

Andika uamuzi huo chini ya rubriki papo hapo, pamoja na namba ya skripti: *"Na. 47: anapinga unyonyaji. Inaruhusiwa. A isizidi 4 asipojadili kibwagizo."* Wasomee wote mlioketi meza moja kabla hawajaendelea, na aliyekwisha sahihisha jibu la namna hiyo alitafute kwenye fungu lake alirekebishe. Maelezo ya ngazi yenyewe yasiguswe tena baada ya skripti ya kwanza kupewa alama. Maamuzi ya nyongeza yanakaa chini ya jedwali, na ndiyo utakayoyatumia kurekebisha rubriki muhula ujao.